Uwatu na shamari: Je, huongeza maziwa ya mama?

MAMA aliyejifungua katika sehemu za Kericho na Bomet hakosi washauri. Mama mkwe atamletea uji wa wimbi na kibuyu cha mursik. Kogo, yaani nyanya wa mtoto, atasisitiza apewe supu ya mifupa na mboga ya isagek kila siku. Jirani aliyewahi kuishi Mombasa naye atamwambia kwamba dawa halisi ya maziwa ni uwatu. Akifika mjini, mwenye duka la viungo atampimia mbegu hizo za rangi ya manjano, ambazo wengi humu nchini huziita methi, kisha amwongezee shamari za kutafuna.

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na sehemu yake ina msingi. Hata hivyo, mama anayetoa pesa zake kununua mbegu hizo anastahili kujua mambo mawili. Kwanza, je, zinafanya kazi? Pili, je, kinachopita ndani ya maziwa kinaweza kumdhuru mtoto?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba huenda zikasaidia kidogo. Jibu la swali la pili ni kwamba zikitumiwa kama kiungo cha chakula hazina neno kwa mama wengi, lakini zikinywewa kama dawa kwa wingi zinaweza kuleta madhara. Lakini kuna swali la tatu ambalo lafaa kuulizwa kabla ya hayo mawili, nalo ni hili: Je, maziwa yamepungua kweli?

Dalili zinazodanganya

Mama wengi wanaodhani hawana maziwa ya kutosha wanayo. Karibu wiki ya sita baada ya kujifungua, matiti ambayo yalikuwa yamejaa na kuuma huanza kulegea. Mama hudhani maziwa yamekauka, kumbe mwili umejifunza kutengeneza kiasi kile mtoto anachohitaji. Mtoto naye hulia sana nyakati za jioni, au kwa siku mbili tatu akataka kunyonya kila baada ya saa moja. Hizo huwa ni siku anapokua kwa haraka, na kunyonya kwake mara kwa mara ndiko kunakoagiza maziwa zaidi.

Aidha, kiasi ambacho mama anakamua kwa mkono si kipimo kizuri. Mtoto anayenyonya vyema hutoa maziwa mengi kuliko mkono au pampu, hasa kwa mama ambaye hajazoea kukamua.

Dalili za kuaminika ni mbili, nazo hazihitaji mtaalamu kuziona. Ya kwanza ni mkojo. Baada ya siku tano za kwanza, mtoto anayenyonya tu anapaswa kulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo wenyewe uwe mweupe, si wa manjano iliyokolea. Ya pili ni uzani. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, lakini anafaa kurejea uzani wa kuzaliwa kufikia wiki mbili hivi. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya kwanza, wengi huongeza kati ya gramu 150 na 200 kila wiki, kisha mwendo hupungua kidogo. Uzani huo huandikwa katika kijitabu cha kliniki, na mstari uliochorwa humo husema ukweli kuliko kilio cha jioni.

Kazi ya titi

Wakulima wa chai wanajua kwamba kichaka kinachochumwa kwa wakati wake huendelea kutoa machipukizi mapya, na kile kilichoachwa hukoma. Titi nalo hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo prolaktini, ambayo huamuru maziwa yatengenezwe. Homoni hii hutoka kwa wingi usiku, na ndiyo sababu kunyonyesha usiku kuna faida kubwa.

Lakini kuna jambo jingine linalotendeka ndani ya titi lenyewe. Maziwa yakikaa bila kutolewa, titi lililojaa hupunguza kasi ya kutengeneza mengine. Likikaa limejaa saa nyingi, siku baada ya siku, mwili huchukulia kwamba maziwa hayo hayatakikani. Hakuna mbegu wala mzizi unaoweza kushindana na agizo hilo.

Hapa ndipo eneo la majani chai lina tatizo lake la pekee. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili. Wataalamu wa afya nao wanapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Katikati ya hiyo mitatu na sita, mama anarudi shambani na kapu lake, na mtoto anabaki na mlezi.

Mfano wa mchuma chai

Tuchukue mfano wa mama anayechuma chai na anayeishi katika nyumba za kampuni. Mtoto wake wa kike alizaliwa akiwa na kilo 3.2, na alipofikisha miezi mitatu alikuwa na kilo 5.9, jambo ambalo ni la kuridhisha. Mama akarejea kazini. Huondoka nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi na kurudi saa kumi alasiri. Shambani hakamui, kwa kuwa hana mahali pa faragha, na maziwa yakimwagika huyafunga kwa leso.

Wiki tatu baadaye anaona matiti hayajai tena kama zamani. Mlezi ameanza kumpa mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Kwenye kliniki mtoto anapimwa na kupatikana ana kilo 6.0. Ameongeza gramu 100 peke yake katika wiki tatu, ilhali mtoto wa umri huo angetarajiwa kuongeza kati ya 300 na 450. Hapa hakuna kudhania tena. Maziwa yamepungua kweli.

Mama ananunua uwatu. Anachemsha vijiko vitatu vya mbegu na kunywa vikombe sita kwa siku. Baada ya siku nne anaharisha, jasho lake linanuka kama sukari iliyoungua, na maziwa hayajaongezeka. Si ajabu. Kwa saa tisa na nusu kila siku matiti yake yanapokea agizo la kupunguza kazi, na mtoto aliyeshiba maziwa ya ng'ombe hanyonyi kwa nguvu jioni.

Dawa ya mama huyu ni ratiba. Anafaa kumnyonyesha mtoto anapoamka saa kumi na moja, kisha akamue yaliyobaki, na kumnyonyesha tena dakika chache kabla ya kutoka. Kazini akamue mara mbili, mathalan saa nne na saa saba. Akirudi amnyonyeshe mara moja kabla ya kushika kazi nyingine, na usiku asimnyime titi.

Mtoto wa umri huo huhitaji takriban mililita 30 kwa kila saa ambayo mama hayupo, kwa hivyo kwa saa tisa na nusu yatosha kuacha karibu mililita 300. Maziwa hayo yagawanywe katika vyombo vitatu au vinne vidogo vyenye vifuniko, vilivyooshwa na kuchemshwa. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe badala ya chupa, kwa kuwa kikombe huosheka kwa urahisi na hakimchanganyi mtoto anaporudi kwenye titi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa nne nje ya friji. Mahali penye baridi kama Kericho, na ikiwa mikono na chombo vilikuwa safi kabisa, yanaweza kufikia saa sita hadi nane. Kwa hivyo yale ya alfajiri yatumiwe kufikia adhuhuri. Ya saa nne yapelekwe nyumbani au katika chumba cha kulelea watoto ikiwa shamba lina kimoja. Mwenye friji anaweza kuyaweka hadi siku nne.

Mama akifuata ratiba hiyo, mara nyingi mabadiliko huanza kuonekana katika muda wa wiki moja au mbili. Mtoto apimwe tena baada ya wiki moja, si baada ya mwezi.

Inafaa kukumbusha kwamba nafasi ya kukamua si hisani ya msimamizi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na pasiwe choo. Aidha inampa mama mapumziko ya kufanya hivyo, ambayo huhesabiwa kuwa saa za kazi, mradi yasizidi jumla ya saa moja katika kila saa nane.

Utafiti unasema nini

Mnamo 2011, madaktari nchini Uturuki walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mama 66 na watoto wao wachanga. Kundi moja lilikunywa chai ya mitishamba yenye uwatu, la pili chai nyingine isiyo na dawa, na la tatu halikupewa kitu maalumu. Siku ya tatu, waliokunywa chai ya uwatu walikamua wastani wa mililita 73, ilhali makundi yale mengine yalipata 39 na 31. Watoto wao pia walirejea uzani wa kuzaliwa mapema zaidi.

Habari hiyo inatia moyo, lakini tuitazame kwa makini. Chai ile ilikuwa mchanganyiko wa mimea kadhaa, kwa hivyo haiwezekani kusema ni upi uliofanya kazi. Mama walikuwa wachache. Zaidi ya hayo, walikuwa katika siku za kwanza kabisa, wakati maziwa ya kila mama yanaongezeka. Mama wa miezi mitatu aliye shambani yuko katika hali tofauti.

Mnamo 2020, kundi la watafiti wa shirika la kimataifa la Cochrane lilikusanya majaribio 41 ya dawa na mimea ya kuongeza maziwa, yaliyohusisha zaidi ya mama 3,000. Ndani yake mlikuwa na uwatu, shamari, mlonge, tangawizi, supu za kienyeji na vitu vingine. Waliamua kwamba huenda baadhi ya mimea huongeza maziwa, lakini ushahidi ni dhaifu mno kiasi kwamba hawakuweza kusema ni mmea upi ulio bora wala ongezeko ni la kiasi gani. Kuhusu madhara kwa mtoto, habari zilizokusanywa zilikuwa chache sana.

Vyakula vya nyumbani navyo vina nafasi yake. Uji wa wimbi, isagek, maharagwe na supu humpa mama nguvu, maji na madini ya chuma ambayo amepoteza kwa damu ya uzazi. Mama aliyeshiba na kupumzika hunyonyesha vyema. Hiyo ni sababu tosha ya kuvila, hata bila kuviita dawa.

Madhara ya uwatu

Uwatu unaotiwa katika mchuzi au uji, kama wafanyavyo akina mama wa Pwani tangu zamani, ni chakula. Tatizo huanza mtu anapoutumia kama dawa. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu kina takriban gramu nne, na kiasi kilichotumiwa katika tafiti kwa kawaida ni kati ya gramu moja na sita kwa siku. Mama wa mfano wetu alikuwa ameupita mpaka huo mara mbili.

Kitu cha kwanza kuonekana ni tumbo. Mama hujaa gesi na kuharisha, na wakati mwingine mtoto naye hupatwa na hayo. Pili ni ile harufu ya sukari iliyoungua katika jasho na mkojo, ambayo huweza kumfikia mtoto. Yenyewe haidhuru, lakini kuna ugonjwa adimu na hatari wa watoto wachanga ambao hutambuliwa kwa harufu iyo hiyo. Kwa hivyo mama anayemwona daktari na asitaje uwatu anaweza kuleta vipimo na hofu zisizohitajika.

Lililo zito zaidi ni kwamba uwatu hupunguza sukari katika damu. Mama mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kushukiwa na sukari ghafla, akatetemeka, akatoka jasho la baridi na hata kuzirai. Anayemeza dawa za kuzuia damu isigande naye yuko hatarini, kwa kuwa uwatu unaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo na kumfanya atokwe na damu. Vilevile uwatu ni wa jamaa moja na karanga na dengu. Mtu ambaye mwili wake hukataa vyakula hivyo, au mwenye pumu, asiuguse bila kumwona daktari. Mama aliyeshika mimba nyingine huku akinyonyesha pia auache kama dawa, kwa sababu unaweza kuamsha misuli ya tumbo la uzazi.

Watoto wawili wa Italia

Shamari zina sifa ya kuwa pole, na wengi huona hazina madhara yoyote. Tukio moja lililoandikwa na madaktari wa Italia mwaka 1994 linafundisha vingine. Watoto wawili, mmoja wa siku 15 na mwingine wa siku 20, waliletwa hospitalini wakiwa wamelegea, wanatapika, wanalia kwa sauti dhaifu na hawana nguvu ya kunyonya. Hakukupatikana maambukizi. Baadaye iligunduliwa kwamba mama zao walikuwa wakinywa zaidi ya lita mbili kwa siku za chai ya kuongeza maziwa, iliyotengenezwa kwa shamari na mimea mingine mitatu. Chai iliposimamishwa, watoto walipata nafuu katika muda wa siku moja hadi moja na nusu.

Mafuta yanayozipa shamari harufu yake tamu hupita katika maziwa. Kikombe kimoja baada ya chakula si sawa na lita mbili, na mtoto wa wiki mbili hawezi kuyaondoa mafuta hayo mwilini kama mtu mzima. Shirika linalosimamia dawa katika Umoja wa Ulaya halipendekezi chai ya shamari itumiwe kama dawa na mama wanaonyonyesha wala na watoto walio chini ya miaka minne. Kwa hivyo ile desturi ya kumpa mtoto mchanga maji ya shamari kwa ajili ya msokoto wa tumbo iachwe. Maji hayo pia hujaza tumbo lake dogo, asinyonye, na maziwa ya mama yakapungua zaidi.

Mizizi na magome yasiyo na jina ambayo huuzwa sokoni yakiwa yamesagwa ni hatari kuliko uwatu na shamari, kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo wala kiasi chake. Ukishindwa kumwambia muuguzi jina la kitu unachokunywa, usikinywe.

Na chai je? Katika nchi inayoichuma, chai ya maziwa hupewa mama kama kitu cha kuongeza maziwa. Ukweli ni kwamba faida yake ni ule unyevu na maziwa yaliyomo. Majani yenyewe yana kafeini, ambayo hupita kwa mtoto na kumnyima usingizi mama anapokunywa vikombe vingi vizito. Vilevile chai huzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka katika mboga. Vikombe viwili au vitatu kwa siku, visivyo pamoja na chakula, vinatosha.

Wakati wa kwenda kliniki

Mama asiye na ugonjwa wowote na anayetaka kujaribu uwatu anaweza kuanza na nusu kijiko cha chai kwa siku ndani ya uji, bila kuzidi kijiko kimoja, huku akinyonyesha au kukamua mara nane au zaidi kwa siku. Ajaribu kitu kimoja peke yake ili likitokea jambo ajue limetoka wapi. Ikipita wiki moja bila tofauti, aache. Akiharisha, akipata vipele au kubanwa kifua, au mtoto akilegea na kukataa titi, aache siku hiyo hiyo na aende hospitalini.

Kuna sababu nyingine za maziwa kupungua ambazo mmea hauwezi kuzitibu. Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au aliyebakiwa na kipande cha kondo la nyuma, anahitaji daktari. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo vilevile. Na aliyeanza vidonge vya kupanga uzazi aulize ni vya aina gani. Vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, na kliniki ina vingine visivyo nayo.

Mtoto asiyelowesha nepi sita, mwenye mkojo wa rangi nzito, anayelala mno bila kuamka kunyonya, au ambaye uzani wake umesimama, asisubiri uwatu ufanye kazi. Apelekwe kliniki siku iyo hiyo, na mama abebe kijitabu chake pamoja na pakiti ya chochote anachokunywa.